UZI: Nina simu tu, nataka kurekodi na kurusha podikasti. Nitumie apu gani? Sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya bomba

Kware_Mweusi
Wakuu, heshima kwenu. Nimeandaa podikasti ya visa vya watu wa zamu za usiku: walinzi, wauguzi, madereva. Vifaa vyangu ni simu ya Android na hedifoni zile zisizo na waya, basi. Kipindi cha kwanza ni cha dakika 25. Nimekirekodi mara tatu kwa apu tatu tofauti na mara zote sauti ni ileile, nyembamba, kama mtu anapiga simu akiwa ndani ya bomba. Nikapitisha kwenye apu ya kuondoa kelele, ikaharibika kabisa. Herufi S zote zimeliwa, nasikika kama naongea chini ya maji.

Maswali mawili. Apu gani inarekodi sauti safi? Na ile ya Spotify niliyoelekezwa kwamba unarekodi na kurusha humohumo, mbona nikiifungua sioni kitufe cha kurekodi?

Mpenda_Simulizi
Mimi nilikuwa kwenye Google Podcasts, ilipofungwa 2024 nikahamia AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo, na unaweza kupakua vipindi usiku ukasikiliza kesho yake bila bando. Ijaribu, hutajuta.

Kware_Mweusi
Asante mkuu, ila hiyo si ya kusikilizia? Mimi nataka kutengeneza.

Mpenda_Simulizi
Aah, nilisoma juujuu. Ukishatengeneza nitakusikiliza humohumo.

Kitasa77
Tatizo lako ni ubora wa faili. Apu nyingi za bure zinabana sauti ili faili liwe dogo. Ingia kwenye mipangilio, weka WAV, 48000 Hz, 320 kbps, utaona tofauti. Na kama uko siriasi, nunua maiki. Simu ni simu.

Bibi_Shungi
Kitasa, umegusa kitu cha kweli, lakini hakimhusu huyu. WAV ni nzuri ya kurekodia, ndiyo. Hiyo 320 ni ya MP3, kwenye WAV hutaikuta. Ila angeweka hata mara mbili ya hapo asingesikia tofauti, maana sauti inaharibika kabla haijaifikia apu.

Kware, hukuandika kwamba ulirekodi kwa maiki ya hizo hedifoni, lakini nakisia ndivyo. Apu tatu zikitoa ubovu wa aina moja, apu haina kosa. Bluetooth ina njia mbili. Ya kusikilizia muziki ni pana, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kuja sikioni. Ukiwasha maiki, simu inahamia njia ya mazungumzo, na hiyo hupima sauti mara 8000 au 16000 kwa sekunde. Kinachopita ni nusu tu ya namba hiyo, kwa hiyo kwenye 8000 kila kilicho juu ya 4000 Hz kimebaki nje. S yako sehemu kubwa inaishi huko juu. Apu ya kuondoa kelele ilipokuja ikakuta mabaki ya S yanayofanana na mvumo, ikayafagia pamoja na uchafu. Ndiyo maji unayoyasikia.

Usiniamini, jaribu. Fungua apu yoyote, bonyeza kurekodi, halafu kwaruza kwa ukucha sekunde 5 kwenye hedifoni, sekunde 5 chini ya simu karibu na tundu la chaji, sekunde 5 juu karibu na kamera. Kila mara sema kwanza unakwaruza wapi. Sikiliza. Panapotoka "krrr" kubwa ndipo maiki inayofanya kazi ilipo.

Kitasa77
Kuna hedifoni mpya za LE Audio, hizo mazungumzo yake yanafika hadi 32000. Kwa hiyo si kila Bluetooth ni mbovu.

Bibi_Shungi
Kweli kabisa, mradi simu na hedifoni zote mbili ziwe na LE Audio. Upande mmoja ukikosa zinarudi kwenye njia ya zamani na hakuna atakayekuambia.

Kware_Mweusi
Dada Shungi, umenikamata. Krrr imetoka kwenye hedifoni, chini ya simu kimya. Nimezima Bluetooth nikarudia maneno yaleyale kwa maiki ya simu: bomba limeondoka! Lakini sasa nasikika kama niko ndani ya tangi tupu. Na kuna jambo la ajabu. Nikinyamaza sekunde mbili hivi, feni inaanza kupanda yenyewe taratibu, nikiongea inashuka. Sijaigusa feni.

Nahodha_Mkavu
Kabla hujakimbilia maiki kama alivyosema Kitasa, nikusimulie yangu. Nilinunua maiki ya kubana kwenye kola, ya waya. Nikarekodi vipindi vinane. Watu wanalalamika siku zote, "mbona uko mbali?" Nikawa naisogeza maiki, mara kola, mara shati, mara karibu na kidevu, hali ileile. Siku moja simu ikanianguka katikati ya kurekodi, nikasikiliza ule mshindo umeingia kama bomu, wakati maiki iko kifuani kwangu. Miezi mitatu nilikuwa narekodi kwa maiki ya simu iliyokaa mezani.

Kosa lilikuwa kwenye pini. Pini yangu ilikuwa na mistari miwili myeusi, ni ya kamera. Ya simu ina mistari mitatu. Ukichomeka yenye miwili, simu inaona hakuna maiki, inaendelea na ya kwake, na apu haisemi neno. Kuna kiunganishi kidogo cha kubadili pini, nikakiweka, ikaanza kufanya kazi. Laiti ningeujua huo mtihani wa ukucha mapema.

Bibi_Shungi
Nahodha, pole, ila kisa chako kitaokoa wengi.

Kware, tuanze na feni, maana hapo ndipo apu inapohusika kweli. Simu imetengenezwa kwa mazungumzo. Ukinyamaza inadhani umesogea mbali, kwa hiyo inakuza kila kilichopo ili ikusikie, na kilichopo ni feni. Ukiongea inashusha. Kinachokufaa ni apu inayokuruhusu kuzima ukuzaji huo. Kwenye Android mimi natumia Easy Voice Recorder. Ndani ya mipangilio yake kuna mahali pa kuchagua unarekodi nini, ukiweka "Music & raw sound" simu inaacha kujifanya inajua. Palepale weka WAV. Wenye iPhone watumie Voice Memos iliyokuja na simu, ila kwenye mipangilio ya ubora wa sauti wachague "Lossless".

Ukishazima ukuzaji, sauti itashuka kidogo. Usiogope, na usiikimbilie simu kwa kupaza sauti. Ongea kawaida huku ukitazama kipimo. Kikicheza kati ya -18 na -12 na kicheko kikagusa -6, uko pazuri. Kikigonga 0, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa kama nyasi zilizopitiwa na fyekeo, na hakuna apu ya kuvirudisha.

Tangi tupu ni habari ya chumba na umbali. Simu iko wapi unaporekodi?

Kware_Mweusi
Mezani mbele yangu, kama mkono mmoja hivi. Chumba kina meza, kiti na dirisha.

Bibi_Shungi
Mkono mmoja ni mbali mno. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda desibeli 6 hivi, lakini mwangwi wa ukuta unabaki palepale. Ishike simu kichwa chini, maiki ya chini ikutazame, shubiri moja kutoka mdomoni, na iwe pembeni ya mdomo, isikae mbele. Ikikaa mbele, pumzi ya P na B inaipiga moja kwa moja, utasikia "pf" kama mtu anazima mshumaa. Mkono ukichoka, isimamishe simu juu ya rundo la vitabu, juu yake weka taulo iliyokunjwa.

Halafu fungua kabati la nguo ukae ukiitazama simu huku kabati likiwa nyuma yako. Wengi wanakosea hapa, wanaongea wakielekea kwenye nguo na nyuma yao ukuta mtupu. Mwangwi wa ukuta ulio nyuma yako unarudi moja kwa moja kwenye maiki iliyokugeukia, kwa hiyo kitu laini kikae huko.

La mwisho, washa hali ya ndegeni. Simu ikiingia katikati, apu nyingine zinasimama na nyingine zinakata faili vipande. Pia iondoe apu ya kurekodi kwenye uokoaji wa betri, maana kuna simu zinaizima kimyakimya skrini ikizimika.

Tumbiri_Mzee
Naomba kudandia. Mimi na mwenzangu tuko mbali, tunarekodi kwa simu ya mtandaoni na yeye akiongea anakatikakatika. Kuna apu ya kurekodi simu ya WhatsApp ikatoka safi?

Bibi_Shungi
Hata ukiipata itarekodi kilichokufikia, na kilichokufikia kimeshakatika. Njia ya kawaida ni kila mmoja ajirekodi kwake. Ongeeni kwa simu moja mkiwa na hedifoni, simu ya pili iwe mdomoni inarekodi. Mwanzoni hesabuni "moja, mbili, tatu" mpige makofi pamoja. Mwenzako anakutumia faili lake, unayapanga mawili kwenye apu ya kuhariri yenye mistari zaidi ya mmoja, BandLab kwa mfano, au GarageBand kwenye iPhone, kofi juu ya kofi. Alitume kama hati, asilitume kama ujumbe wa sauti, la sivyo WhatsApp italibana.

Tumbiri_Mzee
Tulishafanya hivyo! Makofi yanakaa sawa, lakini kufika dakika ya 50 nikimuuliza swali anaonekana anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Tulidhani mmoja wetu ana haraka.

Bibi_Shungi
Saa za simu mbili haziendi sawa kabisa. Tofauti ndogo kwa sekunde inajikusanya ndani ya saa nzima. Mimi hukata faili la mgeni kila baada ya dakika 10 au 15, mahali penye ukimya, nikalisogeza kidogo. Pigeni makofi na mwishoni pia, mjue mmeachana kiasi gani.

Kitasa77
Si afadhali kunyoosha faili zima lilingane na kofi la mwisho?

Bibi_Shungi
Wapo wanaofanya hivyo. Kwa sauti za kuongea mimi naona kukata ni salama zaidi, lakini sitabishana.

Kware_Mweusi
Nimerekodi upya. Kabati nyuma, shubiri moja, hali ya ndegeni. Wakuu, sikuamini kama ni simu ileile! Feni imebaki kwa mbali lakini haipandi na kushuka tena. Faili limekuwa na MB 132, nitalirusha hivyohivyo?

Bibi_Shungi
Hapana, hilo ni la kuhariria, litunze. Dakika 25 za WAV ya mono kwa 44100 Hz ndiyo uzito wake huo. Kata makosa kwanza. Lexis Audio Editor inatosha kwa mtu mmoja anayeongea. Unaona mawimbi, unagusa mwanzo na mwisho wa kosa, unafuta. Usikate kila pumzi, mtu asiyepumua anachosha kumsikiliza. Toleo lake la bure linahifadhi WAV tu, kwa hiyo MP3 utaipatia kwingine.

Kwingine ni kama Auphonic, unaifungua kwenye kivinjari cha simu. Unaipa WAV, inasawazisha sauti hadi -16 LUFS, kiwango ambacho Apple wanakipendekeza, inakurudishia MP3. Bure ni saa 2 za sauti kwa mwezi, nawe una dakika 25.

SautiYaPembeni
Kupakia MB 132 ili urudishiwe MP3 ni kula bando. Kama ni Android weka Termux, apu ya kuandikia amri, kazi yote inafanyika ndani ya simu:

```
termux-setup-storage
pkg install ffmpeg
cd ~/storage/downloads
ffmpeg -i kipindi1.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5 -ar 44100 -ac 1 -b:a 64k kipindi1.mp3
```

Faili liwe kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Hiyo -ar 44100 usiiache, bila hiyo kusawazisha kunaweza kukuachia kipimo cha ajabu. Kwa 64 kbps mono, dakika 25 zinakuwa MB 12.

Kitasa77
64 ni ndogo sana bwana. Weka hata 128.

SautiYaPembeni
128 ni ya stereo yenye muziki. Mtu mmoja anaongea, stereo ya nini? Masikio yote mawili yanasikia kitu kilekile na msikilizaji analipia bando mara mbili.

Bibi_Shungi
Kama ana muziki wa kufungulia, 96 mono. Mimi hapo ndipo nimesimama.

Kware_Mweusi
Nimetumia Termux, nimejisikia mdukuzi. Nina MP3 ya MB 12. Turudi kwenye swali la pili: nairushaje? Na kile kitufe?

SautiYaPembeni
Kitufe kiliondolewa, hukukosea. Historia yake: palikuwa na Anchor, ukiwa na simu unarekodi, unaunga, unarusha. Spotify waliinunua 2019, 2023 wakaiita Spotify for Podcasters, 2024 wakaondoa zana za kurekodi na kuhariri, mwaka huohuo jina likawa Spotify for Creators. Maelekezo mengi mtandaoni ni ya enzi za Anchor, ndiyo maana watu wanatafuta kitufe kisichokuwepo. Bado inapokea faili ulilokwisha kutengeneza. Ingia kwa kivinjari, pakia MP3, jaza jina na maelezo, chapisha.

Ukitaka kurekodi na kurusha ndani ya apu moja, Podbean inafanya. Ila bure yake ni saa 5 kwa jumla, si kwa mwezi. Kwa vipindi vya dakika 25 unafika cha 12 imejaa.

Mpenda_Simulizi
Akiweka Spotify, mimi wa AntennaPod nitamkuta?

SautiYaPembeni
Leo umeuliza swali zuri kuliko yote. Podikasti inasambaa kwa mlisho wa RSS. Ni kiungo kimoja chenye orodha ya vipindi, na kila apu ya kusikilizia inachungulia hapo. Kwenye Spotify for Creators nenda kwenye mipangilio uwashe mlisho wa RSS, vinginevyo uko Spotify peke yake. Kiungo hicho unakipeleka mwenyewe Apple kupitia Podcasts Connect, na Mpenda anaweza kukibandika moja kwa moja kwenye AntennaPod. Picha ya jalada iwe mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000 kila upande, JPEG au PNG. Wengi wanakataliwa kwa picha.

Chunga pia barua pepe uliyofungulia akaunti. Ukija kuhamia kwa mwenyeji mwingine, yaani huduma nyingine inayokuhifadhia vipindi, utahitaji kuingia kwa yule wa zamani uweke kielekezi cha 301, kile kinachoziambia apu zote "tumehamia huku". Ukiwa umepoteza akaunti, wasikilizaji wanabaki kwenye mlisho uliokufa, na wao wanadhani umeacha tu.

Nahodha_Mkavu
Hilo la barua pepe nalithibitisha. Niliwahi kuhama kwa mwenyeji mmoja bila kielekezi. Nikaanza upya na wasikilizaji sita, na wawili kati yao ni ndugu zangu.

Kitasa77
Ndiyo maana nasema ulipie mwenyeji tangu mwanzo. Cha bure kinaweza kufungwa.

SautiYaPembeni
Cha kulipia nacho ukiacha kulipa kinafungwa. Muhimu kielekezi kipatikane na WAV zako uwe nazo.

Kware_Mweusi
Mrejesho, wakuu. Kipindi kiko hewani. Picha ilikataliwa mara moja, ilikuwa na pikseli 1080. Apple bado wanakagua. Mpenda, kiungo cha mlisho nimekutumia faragha.

Kuna jambo moja limebaki. Kipindi cha pili ni cha mlinzi, anataka nimrekodi akiwa zamuni, na pale kuna jenereta inayonguruma usiku kucha. Kabati la nguo siwezi kulibeba.

Mpenda_Simulizi
Nimekisikiliza chote nikiosha vyombo. Dakika ya 11 kuna mtu anafunga mlango.

Bibi_Shungi
Kware, usiipige vita jenereta. Simu shubiri moja kutoka kwenye mdomo wake, na yeye akae katikati ya jenereta na simu? Hapana, kinyume chake: jenereta iwe nyuma ya simu, maiki imtazame yeye. Mwili wako wewe uzibe katikati. Kabla hamjaanza, rekodi dakika moja ya jenereta peke yake bila mtu kuongea, utaipitisha chini ya sehemu ulizokata ili mnguromo usiwe unakatika kila penye mkato.

Kitasa77
Mimi ningeipitisha kwenye apu ya kuondoa kelele, kidogo tu.

SautiYaPembeni
Na S zake?

Kitasa77
Nimesema kidogo.

Kware_Mweusi
Nitarekodi Alhamisi usiku, nitaweka hapa vipande viwili, kimoja kimesafishwa na kingine kibichi, msikilize wenyewe. Mpenda, ule mlango ni wa kabati.